Ng'ombe anapogeuka ngâ€™ombe: dhana potofu kuhusu maandishi yanayovurugika

Dhana: Kiswahili kinaandikwa kwa a, e, i, o, u na konsonanti za kawaida, kwa hiyo kuvurugika kwa maandishi ni tatizo la Kifaransa na Kiarabu.

Ingekuwa hivyo kama si ritifaa. Ile alama ndogo ya ng'ombe, ng'ambo na king'ong'o ndiyo mlango ambao vurugu huingilia katika maandishi yetu, na inafaa tuitazame kwa karibu.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Jedwali la ASCII, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1963, lina nafasi 128, na ritifaa iliyonyooka ya kwenye kibodi (') ni namba 39. Karibu kila mfumo wa usimbaji uliofuata, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba, uliziacha nafasi hizo 128 jinsi zilivyo, ndiyo maana a hadi z hazivurugiki. Lakini ukiandika ng'ombe ndani ya Word, programu huiondoa ritifaa uliyobonyeza na kuweka iliyopinda (’), kwa sababu inapendeza zaidi kwenye karatasi. Hiyo iliyopinda haimo katika zile 128. Katika Unicode, jedwali kubwa la herufi za lugha zote, ni herufi nyingine kabisa, U+2019.

Sasa fuata safari yake. UTF-8, usimbaji unaotumika karibu kila mahali leo, huiandika ritifaa iliyopinda kwa baiti tatu: `E2 80 99`. Programu inayoisoma ikidhani faili limesimbwa kwa Windows-1252, ambako kila baiti ni herufi moja, itaona E2 na kuandika â, itaona 80 na kuandika €, itaona 99 na kuandika ™. Ng’ombe amekuwa ngâ€™ombe. Hakuna baiti hata moja iliyopotea wala kubadilika. Aliyekosea ni msomaji, aliyeshika jedwali lisilo lake.

Dhana: Ni virusi, au faili limeharibika.

Uharibifu wa kweli hauchagui. Ungekuta vipande vizima havipo, au faili halifunguki kabisa. Ukiona maneno yote yako salama isipokuwa pale penye ritifaa, alama za kunukuu na vistari virefu, huo ni usimbaji.

Dhana: Badilisha fonti, zitakaa sawa.

Hapa inabidi kutofautisha alama tatu ambazo watu huzichanganya. Ukiona kisanduku kitupu, huenda kweli ni fonti: namba ya herufi inajulikana, ila fonti haina mchoro wake, na fonti nyingine inaweza kukusaidia. Ukiona â€™, fonti haihusiki, maana inachora kwa uaminifu herufi tatu ilizopewa. Ukiona �, yaani almasi yenye alama ya kuuliza, ni kinyume cha kisa cha ng'ombe wetu: faili liliandikwa kwa Windows-1252, ambako ritifaa iliyopinda ni baiti moja tu, `92`, kisha likasomwa kama UTF-8. Baiti hiyo ikisimama peke yake haina maana katika UTF-8, basi programu huweka almasi mahali pake.

Dhana: Nikibandika maandishi matupu, bila mapambo, nimemaliza.

Hii ndiyo dhana inayowaponza hata waliozoea kompyuta. Kubandika maandishi matupu, kwa mfano kwa Ctrl+Shift+V katika vivinjari vingi, huondoa wino mzito, mlazo, rangi, fonti na ukubwa. Hayo ni mapambo, nayo huhifadhiwa kando ya herufi. Ritifaa iliyopinda si pambo, ni herufi, hivyo hupita kwenye chujio ikiwa imepinda vilevile.

Madhara yake hayaishii kwenye kuvurugika. Ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka katika orodha iliyobandikwa kutoka Word, programu nyingi zitajibu kwamba neno halimo, ingawa unaliona kwa macho. Kwenye ujumbe mfupi wa simu ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali la kawaida, linaloruhusu herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja sasa hukatwa vipande vitatu.

Dawa ni kuizuia inapozaliwa. Katika Word bonyeza Ctrl+Z mara tu ritifaa inapojipinda, nayo itarudi kunyooka bila kufuta neno. Kuzima kabisa, pitia File > Options > Proofing > AutoCorrect Options > AutoFormat As You Type, uondoe tiki kwenye "Straight quotes" with "smart quotes".

Dhana: Faili la maandishi matupu halina usimbaji.

Ni kinyume chake. Faili la .docx ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake kuna maelezo ya mapambo pamoja na tamko la usimbaji. Faili la .txt au .csv kwa kawaida ni baiti tupu zisizobeba tamko lolote, kwa hiyo anayelifungua hulazimika kukisia. Ndiyo maana orodha ile ile husomeka vizuri katika Notepad na kuvurugika Excel inapoifungua kwa kubofya mara mbili.

Usiibofye. Fungua kitabu kitupu katika Excel, nenda Data > From Text/CSV, chagua faili, na kwenye File Origin weka 65001: Unicode (UTF-8). Dirisha la mwoneko litakuonyesha ng’ombe akiwa mzima kabla hujapakia chochote.

Dhana: Zikivurugika, hifadhi upya kama UTF-8.

Tafadhali usifanye hivyo huku alama bado zimevurugika mbele yako. Programu sasa inaamini kwamba uliandika â, € na ™ kwa makusudi. Ikizihifadhi kwa UTF-8, zitachukua baiti 2, 3 na 3, jumla 8. Faili hilo likisomwa vibaya tena, ritifaa moja huwa Ã¢â‚¬â„¢. Hesabu alama hizo utajua kosa limerudiwa mara ngapi: tatu ni mara moja, nane ni mara mbili.

Bora kulifunga faili bila kuhifadhi, kisha kulifungua upya kwa usimbaji sahihi. Kama kosa moja limeshahifadhiwa, linaweza kurudishwa kinyumenyume kwenye Linux au macOS:

```
iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.csv > nzima.csv
```

Amri hii hugeuza â€™ kuwa baiti `E2 80 99`, na `nzima.csv` husomeka kama UTF-8. Ina mpaka wake, lakini. Windows-1252 haina herufi kwa baiti tano: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Alama iliyopinda ya kufunga nukuu (”) huishia na 9D, kwa hiyo amri inaweza kukwama hapo, na nukuu hizo utazirekebisha kwa mkono.

Almasi � ikishahifadhiwa, hali ni tofauti. Kila herufi iliyokosa kusomeka, iwe ritifaa, kistari kirefu au é, imeandikwa kwa baiti zile zile tatu, `EF BF BD`, na hakuna amri inayoweza kusema ipi ilikuwa ipi. Hapo inabidi kurudi kwenye nakala ya kwanza.