Picha ya ratiba ya mkopo: kuhakiki riba, na milioni moja iliyolipwa mapema

Ratiba za marejesho ninazoombwa kukagua hufika karibu zote kama picha za Watsapu. Karatasi imekunjwakunjwa, kivuli cha simu kimeangukia safu ya salio, na ukingo wa kulia umekatwa. Chini yake pana ujumbe: "Kaka, naomba niangalizie, riba yote itafika ngapi? Na nikitanguliza milioni moja nitaokoa nini?" Majibu yote mawili yamo kwenye picha hiyohiyo, ila kwanza lazima uwe na hakika kwamba tarakimu unazosoma ndizo zilizochapwa.

Tuchukue mkopo mmoja wa aina hiyo (viasi nimevibadilisha ili mwenyewe asitambulike). Amekopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Ratiba yake inaanza na kuisha hivi:

```
Mwezi  Rejesho   Riba      Deni      Salio
1      567,358   120,000   447,358   5,552,642
2      567,358   111,053   456,305   5,096,337
3      567,358   101,927   465,431   4,630,906
4      567,358    92,618   474,740   4,156,166
...
12     567,353    11,125   556,228           0
```

Uzuri wa jedwali kama hili ni kwamba kila mstari unajihakiki wenyewe. Riba ni salio la mwezi uliopita mara 0.02. Rejesho ukitoa riba unapata sehemu inayopunguza deni. Salio la zamani ukitoa sehemu hiyo unapata salio jipya. Kwa hiyo tarakimu iliyofifia haihitaji kukisiwa. Kwenye mstari wa 8, kwa mfano, mwanga ulikuwa umekula upande mmoja wa tarakimu, na safu ya deni ilisomeka 513,374. Rejesho 567,358 ukitoa riba 53,484 ni 513,874. Salio la mwezi wa 7 lilikuwa 2,674,214, na ukitoa 513,874 linabaki 2,160,340, ambalo ndilo lililochapwa kwenye safu ya mwisho. Njia mbili tofauti zimefika palepale, basi ile 3 ni 8. Njia moja peke yake isingenitosha, maana huenda hata namba niliyotumia kuhakiki nimeisoma vibaya.

Hata mstari mzima ukiwa umemezwa na mkunjo wa karatasi, unaweza kuujenga upya kutoka kwenye salio la mstari ulio juu yake. Kisichojengeka ni ratiba yenye salio moja tu linalosomeka na rejesho lililokatwa. Hiyo huwa naomba ipigwe tena mezani, karibu na dirisha, itumwe kama faili ili Watsapu isiipunguze ubora.

Sasa riba. Nikijumlisha safu yote ya riba napata 808,291. Kisha nahesabu kwa mlango wa nyuma: marejesho 11 ya 567,358 na la mwisho la 567,353 ni 6,808,291, na ukitoa 6,000,000 aliyopewa inabaki 808,291. Zimelingana. Zile shilingi 5 pungufu za mwezi wa mwisho ni za kuzungusha senti tu. Lakini hesabu ya pili ikizidi ya kwanza kwa, tuseme, 60,000, basi kuna shilingi 5,000 kila mwezi ndani ya rejesho ambazo si riba wala si deni. Mara nyingi ni bima au ada, na safu yake ndiyo ile iliyokatwa kwenye ukingo wa picha.

Tofauti ndogo kwenye kila mstari si lazima iwe kosa. Kuna wakopeshaji wanaohesabu riba kwa siku. Asilimia 24 kwa mwaka kwa siku 31 inatoa 122,301 kwenye mstari wa kwanza badala ya 120,000, na mwezi wa siku 30 unatoa 118,356. Ukiona riba inapanda na kushuka kidogo kufuata urefu wa miezi, umeshapata jibu.

Kitu cha kuogopa ni riba isiyosogea kabisa. Kama mstari wa 1 na wa 12 yote inasema 120,000, basi riba inatozwa kwenye milioni 6 nzima hadi siku ya mwisho, ingawa nyingi umeshazirudisha. Rejesho linakuwa 620,000 na riba yote 1,440,000. Mkataba utaandika asilimia 2 ileile, ila ukiipima kwa salio linalopungua ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika mkopo wa namna hiyo, kulipa mapema kunaweza kusiokoe hata senti, isipokuwa mkataba useme kwamba riba ya miezi iliyobaki itafutwa au itapunguzwa. Tafuta kifungu hicho kabla ya kupeleka hela.

Mkopaji wetu yuko kwenye salio linalopungua, kwa hiyo milioni yake ina kazi. Tuseme anailipa siku ileile ya rejesho la 4, juu ya rejesho la kawaida. Salio linashuka kutoka 4,156,166 hadi 3,156,166. Akiendelea kulipa 567,358 kila mwezi, riba za miezi inayofuata ni 63,123, 53,039, 42,752, 32,260, 21,558 na 10,642. Mkopo unaisha mwezi wa 10, kwa rejesho la mwisho la 542,750. Riba kuanzia mwezi wa 5 ingekuwa 382,693, sasa ni 223,374. Ameokoa 159,319.

Afisa mikopo anaweza kumpa njia nyingine: miezi ibaki 8, rejesho lishuke hadi kama 430,848. Hapo anaokoa takriban 92,000 tu, kwa sababu deni linakaa muda mrefu zaidi. Simlaumu anayeichagua, maana nafuu ya 136,000 kila mwezi ni ada ya shule kwa wengine. Ila achague akijua, asichaguliwe na mfumo wa kompyuta.

Njia ya tatu ndiyo inayowaumiza watu. Milioni inapokelewa, risiti inatolewa, lakini inawekwa kama marejesho yaliyotangulizwa. Inakaa pembeni, na kila mwezi mfumo unachota 567,358 kutoka humo huku ratiba ya zamani ikiendelea. Umemkopesha aliyekukopesha, tena bila riba. Kwenye risiti huoni tofauti. Unaiona kwenye mstari wa 5 wa ratiba mpya: riba lazima ishuke kutoka 83,123 hadi 63,123, yaani 20,000 kamili, ambazo ni asilimia 2 ya milioni. Ikiwa bado ni 83,123, hela haijagusa deni. Ndiyo maana huwa nawaambia waandike barua fupi siku ya kulipa, waseme fedha hizi zipunguze deni la msingi na wanachagua kufupisha muda, kisha wadai ratiba mpya iliyogongwa mhuri.

Kama mkataba una ada ya kulipa mapema, itoe kwenye akiba. Ada ya asilimia 3 ya milioni ni 30,000, na kwa mwezi wa 4 bado anabaki na 129,319. Lakini milioni hiyohiyo ikilipwa mwezi wa 10 inaokoa 31,125 tu, hivyo ada ileile ingemwachia 1,125. Kwa tarehe hiyo afadhali hela akae nayo.