Somo la takwimu darasani: kutoka swali hadi grafu ya nguzo

Somo la kushughulikia takwimu ni somo ambalo wanafunzi huuliza swali moja, hukusanya majibu ya wenzao, huyapanga katika jedwali, kisha huyachora kwa nguzo ili yaweze kusomwa kwa kuyatazama tu. Walimu wengi huliandaa wakianzia mwisho, yaani kwenye uchoraji, kwa sababu hapo ndipo rula na penseli za rangi zinapohitajika. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake huwa imekwisha kuamuliwa kabla mwanafunzi yeyote hajashika rula, nayo huamuliwa na swali lililochaguliwa.

Swali linalofaa lina sifa moja kuu: kila mwanafunzi ana jibu moja tu, na jibu hilo lina mahali pake katika jedwali. Tuchukue swali la njia ya kuja shuleni. Likiulizwa hivi, "Wewe huja shuleni kwa njia gani?", litaleta mzozo mapema, kwa kuwa yupo anayetembea hadi kituoni kisha akapanda basi, na yupo anayepanda baiskeli siku za kiangazi lakini hutembea mvua ikinyesha. Wa namna hiyo atatoa majibu mawili, au atatoa lile alilolisikia kwa jirani yake. Swali likirekebishwa likawa, "Leo asubuhi, sehemu kubwa ya safari yako ya kuja shuleni umeifanya kwa njia gani?", utata huo huondoka, kwani siku ni moja na safari ni moja. Mwalimu aorodheshe makundi ya majibu pamoja na wanafunzi kabla ya kuuliza, yawe matano au sita hivi, na asisahau kundi la "nyingine" kwa ajili ya majibu yasiyoingia popote. Swali kama la mwezi wa kuzaliwa huonekana rahisi, lakini huzaa makundi kumi na mawili yenye watu wawili watatu kila moja, na grafu yake haina la kusimulia.

Ukusanyaji wenyewe ndio unaovurugika zaidi. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wote wainuke wakaulizane, baada ya dakika chache kila mmoja atakuwa na jumla yake, na hakuna zitakazolingana. Wengine wameulizwa mara mbili, wengine hawakuulizwa kabisa, na wengi wamesahau kujihesabu wenyewe. Kunyoosha mikono nako kuna kasoro yake, kwa sababu mtoto hutazama kwanza mkono wa rafiki yake ndipo anyooshe wa kwake, na wachache hunyoosha mara mbili. Njia iliyo salama ni vipande vya karatasi: kila mwanafunzi anaandika jibu lake bila jina, anakikunja kipande chake na kukitia ndani ya boksi. Vipande vinahesabiwa kabla ya kufunguliwa. Darasa lenye wanafunzi 38 waliohudhuria siku hiyo lazima liwe na vipande 38, na vikipungua au vikizidi, kosa linasahihishwa hapo hapo, si baada ya grafu kukamilika.

Kisha mwanafunzi mmoja anasoma vipande kimoja kimoja kwa sauti, na wengine wote wanapiga alama za vijiti katika jedwali walilolichora daftarini. Jedwali lina safu tatu: njia ya usafiri, alama za vijiti, na idadi. Kila jibu ni kijiti kimoja cha wima, na jibu la tano ni mstari wa mshazari unaovikata vijiti vinne vilivyotangulia, ili mafungu yahesabike kwa tano tano. Hapa pana kosa ambalo halikosekani: mwanafunzi anachora vijiti vitano vya wima, kisha anavikata, na fungu hilo analihesabu kuwa la watu watano ilhali ni la watu sita. Mwalimu anayepita kati ya madawati aangalie vijiti vya wima ndani ya kila fungu badala ya kuangalia idadi iliyoandikwa pembeni.

Tuseme darasa letu la wanafunzi 38 limepata matokeo haya: waliotembea kwa miguu 17, waliopanda basi 9, baiskeli 6, pikipiki 4, na njia nyingine 2. Jumla ni 38, sawa na idadi ya vipande. Ulinganisho huo ni wa lazima, ingawa haumalizi kila shaka, kwa sababu kijiti kilichopigwa kwenye mstari wa basi badala ya baiskeli hakibadilishi jumla. Ndiyo maana inafaa madaftari ya majirani wawili yalinganishwe mstari kwa mstari, na pale yanapotofautiana vipande visomwe upya.

Uchoraji ni vizuri uachiwe kipindi cha pili, maana kuubana pamoja na ukusanyaji katika dakika 40 huwaacha wengi na grafu zisizokamilika. Jambo la kwanza kuamua ni skeli. Idadi kubwa kabisa ni 17, hivyo kwa mraba mmoja kwa kila mwanafunzi itahitajika miraba 17 kwenda juu. Ukurasa usipotosha, mraba mmoja unawakilisha wanafunzi wawili na miraba tisa inatosha, lakini nguzo za 17 na 9 zitaishia katikati ya mraba. Jambo hilo lifundishwe waziwazi ubaoni, la sivyo wanafunzi watazisogeza hadi 18 na 10.

Kosa lililo zito kuliko yote hutokea kwenye mhimili wa wima. Mwanafunzi anachukua namba za jedwali kama zilivyo na kuzipanga kwa nafasi sawa: 2, 4, 6, 9, 17. Nguzo zake zinapanda mraba mmoja mmoja kama ngazi, na ya waliotembea inaizidi ya basi kwa mraba mmoja tu, wakati kwa kweli waliotembea wanakaribia kuwa mara mbili ya waliopanda basi. Grafu hiyo huwa safi na yenye rangi nzuri, kwa hiyo hupita kwa urahisi mikononi mwa mwalimu mwenye haraka. Dalili yake ni moja: tofauti kati ya namba zinazofuatana kwenye mhimili hazilingani. Namba zianze 0, ziongezeke kwa kiasi kile kile, na ziandikwe kwenye mistari, si katika nafasi iliyo kati ya mistari. Nguzo ziwe na upana sawa na ziachiane nafasi, kwa kuwa basi na baiskeli ni makundi yaliyo mbalimbali, si vipimo vinavyoungana.

Dakika za mwisho ni za kuisoma grafu. Waliotembea wamewazidi waliopanda basi kwa wangapi? Jibu ni 8. Je, waliotembea wamefika nusu ya darasa? Hawajafika, kwa sababu nusu ya 38 ni 19. Swali moja liwe lile ambalo grafu haiwezi kulijibu, kwa mfano, nani anaishi mbali zaidi na shule. Wengi watasema ni wale wa basi. Mwalimu awaombe waoneshe nguzo inayosema hivyo, nao watagundua kwamba kilichoandikwa kwenye vipande ni njia ya usafiri, wala umbali haukuulizwa.