Usiku huwa unaamka kwenda chooni?

Swali hili huuliza kabla sijagusa tumbo la mgonjwa. Kliniki yangu hapa Dodoma wengi huja na maneno yale yale: tumbo linasokota, linajaa gesi, leo naharisha, kesho sipati choo. Mara nyingi utumbo wa mtu huyo, ukiutazama kwa kamera, ni mzima. Kasoro yake ni kuhisi kupita kiasi na kukaza ovyo. Maumivu yake humsumbua miezi na miezi, yakibadilika anapopata choo, na akilala usingizi utumbo nao hutulia. Uzito haupungui.

Sasa mchukue dada mmoja wa miaka 29, muuza mbogamboga. Alikuja na karatasi za dozi nne za metronidazo, zote za "amiba".

"Usiku je, dada?"

"Mara tatu, mara nne, daktari. Choo chetu kiko nje, nalala na tochi mkononi."

Sketi alikuwa ameibana kiunoni kwa pini. Kadi yake ilionyesha kilo 61 miezi minne nyuma. Mizani yangu ikasoma 53. Yeye alilaumu jua na kazi. Damu aliambiwa ni bawasiri. Lakini damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu ya kung'aa, hudondoka au hubaki kwenye karatasi baada ya choo. Yake ilichanganyika na choo chenyewe, pamoja na kamasi.

Kuamka kuharisha, kupungua bila kukusudia, damu: hapo sitoi dawa ya kutuliza tumbo nikamwacha aende. Wingi wa damu ulikuwa 8.6, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 au zaidi. Choo kilipimwa, hakikuwa na amiba wala mayai ya kichocho. Kipimo cha VVU kilikuwa safi. Kamera ikaonyesha utumbo mpana umechubuka mfululizo kuanzia njia ya haja kubwa kwenda juu, tukakata vinyama vidogo kwa ajili ya maabara. Majibu: mchochota sugu wa utumbo mpana, wenye vidonda.

Kwa nini nilisubiri vinyama? Kwa sababu dawa ya kutuliza mchochota mkali, predinisoloni, ukimpa mwenye amiba utumbo unaweza kutoboka, na ukimpa mwenye kifua kikuu cha utumbo unakipa nafasi ya kusambaa. Kwa macho, magonjwa haya hufanana sana, hata mimi hunidanganya.

Alianza mesalazini, dawa ya kutuliza mchochota wa utumbo mpana, na vidonge vya madini ya chuma. Nilimtahadharisha kwamba vya chuma hufanya choo kiwe cheusi, asishtuke. Ila choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, kwa mtu asiyemeza chuma, ni damu kutoka juu, na huyo aje siku hiyo hiyo.

Na aliyevuka miaka 50 ndipo tumbo linaanza kubadilika, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo, humpima hata kama usiku analala fofofo.