Je, wajua kwa nini insha iliyopata alama nzuri chuoni haifai kupelekwa kwa kamati ya bunge la kaunti jinsi ilivyo?

"Insha yangu ya maneno 4,000 kuhusu taka za soko la Muthurwa ilipata alama nzuri. Sasa nataka kuipeleka kwa kamati ya Bunge la Kaunti ya Nairobi kama muhtasari wa sera. Nikiifupisha tu si itatosha?"

Haitatosha, kwa sababu wasomaji wenyewe wana kazi tofauti. Mhadhiri anasahihisha. Mada anaijua kukushinda, atasoma mpaka nukta ya mwisho, na anachotafuta ni kama umeielewa, umesoma waliotangulia na unaweza kujenga hoja. Mwakilishi wadi aliye kwenye kamati hakupimi wewe. Mbele yake kuna bajeti au mswada, na anapaswa kukubali, kukataa au kubadilisha kitu. Karatasi yako ataishika ikiwa pamoja na nyingine nyingi, pengine dakika chache kabla ya kikao. Tena huenda wa kwanza kuisoma asiwe yeye, bali karani wa kamati anayetafuta jambo moja tu: huyu anaomba nini, na je, linaihusu kamati hii?

Ndiyo maana mpangilio unageuka juu chini. Insha humpandisha msomaji ngazi kwa ngazi: utangulizi, mapitio ya kazi tangulizi, mbinu za utafiti, matokeo, mjadala, kisha hitimisho. Jibu huja mwishoni kwa sababu msahihishaji anataka kuona ulivyolifikia. Muhtasari wa sera huanza na jibu, kisha hueleza kwa nini ni jibu sahihi, na msomaji anaweza kusimama popote akiwa ameshapata lililo muhimu.

Tuchukue insha hiyo ya Muthurwa. Kichwa chake huenda kilikuwa "Changamoto za Usimamizi wa Taka Ngumu katika Masoko ya Mijini: Uchunguzi Kifani wa Soko la Muthurwa, Nairobi", na aya ya kwanza ikaanza hivi: "Ukuaji wa haraka wa miji barani Afrika umezua changamoto nyingi katika usimamizi wa taka. Wataalamu wametoa mitazamo mbalimbali kuhusu suala hili. Insha hii inalenga kuchunguza..." Chuoni hakuna kosa hapo. Mbele ya kamati, sentensi hizo tatu hazijasema neno ambalo mwakilishi wadi wa Nairobi hakulijua.

Muhtasari wa kazi ileile ungeitwa "Tenganisha mabaki ya mboga Muthurwa kabla hayajapakiwa kwenye lori", na ungefunguka hivi (takwimu ni za mfano tu): "Katika kila kilo 10 za taka tulizopima Muthurwa, kilo 7 zilikuwa mabaki ya mboga na matunda yanayoweza kugeuzwa mboji. Yote hupakiwa pamoja na plastiki na kupelekwa jaa la Dandora. Tunaiomba Kamati ipendekeze fedha za makontena mawili ya taka zinazooza katika bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1." Tazama kichwa: kina kitenzi, na asiyesoma zaidi ya hapo tayari ameupata ujumbe. Aya nayo ina tatizo, ushahidi na ombi ndani ya sentensi tatu.

Urefu unafuata hapo hapo. Wengi huandika kurasa mbili hadi nne. Kwa kamati ya kaunti ningeshikilia mbili, karatasi moja iliyochapishwa pande zote, maana karatasi ya pili hupotea. Hiyo ni kama maneno 900 tu. Sanduku la juu, lenye tatizo na ombi kwa ufupi, lichukue yapata maneno 100, tatizo 200, ushahidi 200, njia mbadala 200, na mapendekezo 200. Kosa linaloonekana mara nyingi ni la kupunguza kila sehemu ya insha kwa kiwango kilekile: mapitio ya maneno 1,000 yanakuwa 250, mbinu za maneno 600 zinakuwa 150, na kadhalika. Kinachobaki ni insha kibete, mapendekezo bado yamejificha nyuma. Ukitaka kujua kama umeangukia kosa hilo, tafuta pendekezo lako la kwanza. Likiwa kwenye ukurasa wa pili na halikutajwa juu, bado unaandika insha.

Kwa hiyo usikate kwa uwiano. Mapitio ya kazi tangulizi yaondoke karibu yote, pamoja na majina ya nadharia. Utafiti mmoja au miwili inayoibeba hoja moja kwa moja itajwe kwa ufupi. Mbinu za utafiti zibaki sentensi moja au mbili, ila ziwe sentensi zenye mfupa: "Tulipima kwa mizani taka za siku 14 mfululizo, asubuhi na jioni, katika vituo vitatu vya kukusanyia ndani ya soko." Msomaji akiona hivyo anajua idadi yako haikutoka hewani.

Hapa pana mtego kwa aliyezoea uangalifu wa chuo. Insha hujaa "huenda", "inaonekana" na "utafiti zaidi unahitajika". Mtu akiambiwa muhtasari uwe wa moja kwa moja, huzifuta zote na kuandika "masoko yote ya Nairobi". Wewe ulipima soko moja, kwa wiki mbili. Ikiwa wiki hizo zilikuwa za msimu wa maembe, au wa mahindi mabichi yanayoacha maganda marundo kwa marundo, sehemu ya taka zinazooza ilikuwa juu kuliko kawaida. Liseme palepale idadi inapotajwa, kwa maneno ya kawaida: "Vipimo ni vya msimu wa maembe, miezi mingine kiasi kinaweza kupungua." Sentensi hiyo moja itakulinda mwakilishi wadi anayelijua soko hilo atakapoinua mkono.

Hoja pinzani nazo hubadilika sura. Kwenye insha ni wasomi wanaotofautiana. Kwenye muhtasari ni njia mbadala ambazo kamati ingeweza kuchagua, na mojawapo iwe kuacha mambo yalivyo. Kwa Muthurwa zingekuwa tatu: kuendelea kama sasa, kuongeza safari za malori, au kutenganisha taka sokoni. Kwa kila moja sema gharama yake ni nini na nani ataumia. Kuongeza safari kunaondoa uvundo haraka lakini mafuta yanalipwa kila wiki bila kikomo. Kutenganisha kunahitaji nafasi ya makontena, na nafasi sokoni haiko wazi. Kuna mama anayepanga nyanya hapo. Usipomtaja wewe, atatajwa na mwingine kwenye kikao, na pendekezo lako litaonekana halikufikiriwa.

Sasa mapendekezo, ambako insha nyingi nzuri huvunjikia. Chuoni huruhusiwa kumalizia kwa "Serikali iongeze uhamasishaji na wadau wote washirikiane." Msahihishaji hata alama hapunguzi sana, kwa kuwa uzito wa insha uko kwenye uchambuzi. Kwa kamati, sentensi hiyo haina cha kupigiwa kura. Serikali ipi? Iongeze kwa kiasi gani? Kwa fedha za fungu lipi? Pendekezo linalotekelezeka hujibu maswali matano: nani, afanye nini, kwa mamlaka yapi, kwa fedha zipi, na kufikia lini.

Anza na nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti uzoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu, na masoko pia ni kazi ya kaunti. Kuelekeza ombi hili kwa wizara ya taifa ni kugonga mlango usio wenyewe. Lakini hata ndani ya kaunti kuna milango miwili. Bunge la kaunti hutunga sheria, huidhinisha bajeti na kusimamia utendaji. Haliajiri dereva wala halinunui kontena. Hiyo ni kazi ya upande wa utendaji wa kaunti, chini ya gavana. Basi kwa kamati andika "Kamati ipendekeze kutengwa kwa fedha", na kwa waziri wa kaunti anayehusika na mazingira andika "Idara inunue na kuweka makontena". Ukichanganya hayo mawili, karani atajua mara moja kwamba hukufuatilia.

Mamlaka yapo pia: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zisizo hatari zitenganishwe, zinazooza na zisizooza. Ukiitaja, huombi tena fadhili. Unaomba sheria iliyopo itekelezwe.

Fedha na tarehe huenda pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti kupeleka taarifa ya mkakati wa fedha bungeni kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 za kuijadili. Humo ndimo viwango vya juu vya kila idara huwekwa. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Muhtasari unaoomba kitu kipya ukifika Juni, fungu limeshagawanywa na hata mwenye nia njema hana pa kukata. Ukifika Januari au mapema Februari, unakuta mezani bado pana nafasi. Insha ina tarehe ya mwisho ya mhadhiri. Muhtasari una kalenda ya bajeti, na hiyo haiongezwi kwa kuomba radhi.

Ukiunganisha hayo, pendekezo la kwanza linasomeka hivi: "Kamati ipendekeze, katika mjadala wa taarifa ya mkakati wa fedha mwezi Machi, kwamba fungu la idara ya mazingira lijumuishe makontena mawili ya taka zinazooza kwa soko la Muthurwa, kwa kutekeleza Sheria ya 2022, yawe yamewekwa kufikia Septemba 30." Likifuatiwa na mengine mawili ya namna hiyo, yanatosha. Orodha ya mapendekezo kumi humwachia msomaji kazi ya kuchagua, naye atachagua lililo rahisi, ambalo mara nyingi ni lile la uhamasishaji.

Kabla ya kuituma, mpe mtu asiyejua mada asome ukurasa wa kwanza kwa dakika moja, kisha umnyang'anye karatasi na umuulize: "Wanataka nani afanye nini?" Akikujibu "wanasema taka ni tatizo", rudi kwenye sanduku la juu.

Insha yenyewe usiitupe. Weka mstari mmoja chini ya ukurasa wa pili unaosema ripoti kamili inapatikana kwako, pamoja na anwani yako. Siku mtafiti wa bunge atakapouliza ulipimaje na vituo vitatu vilichaguliwaje, utamtumia zile kurasa za mbinu ulizozikata.