Sayari isiyo na jua huing'arisha nyota ya nyuma, haiizimi

Septemba 1, 2016, Unguja na Pemba tuliliona jua likipatwa, na wengi tukabaki na imani kwamba kitu kikipita mbele ya mwanga, lazima mwanga upungue. Imani hiyo inapotosha mara inapokuja habari ya sayari zinazotangatanga baina ya nyota.

Dhana: Zinagunduliwa zinapoziba nyota.

Sivyo. Sayari ikipita mbele ya nyota ya mbali sana, uvutano wake huupinda mwanga wa nyota ile na kutuletea zaidi kuliko kawaida. Hii ndiyo mikrolenzi, na kile kinachoupinda mwanga huitwa lenzi. Sayari yenyewe haionekani hata chembe. Kinachopimwa ni nyota ya nyuma inavyong'aa, kisha inavyorudi hali yake.

Juni 2016, darubini ya OGLE, mradi wa kuwinda mikrolenzi, iliyopo Las Campanas, Chile, ilinasa tukio lililoitwa OGLE-2016-BLG-1928. Lilitokea upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, karibu na mkia wa kundi la nyota la Nge, ambao miezi ya kusi hupita juu angani kwetu, upande wa kusini. Lenzi ikiwa nyota, mng'ao huchukua wiki kadhaa. Ikiwa sayari kubwa kama Mshtarii, siku moja au mbili. Hapa kipimo cha muda, kinachotokana na uvutano wa lenzi peke yake, kilikuwa dakika 42 hivi. Nyota ya nyuma ilikuwa jitu, pana kuliko eneo ambalo uvutano wa sayari uliweza kulikuza, kwa hiyo mwanga uliongezeka kidogo tu, lakini ukadumu saa chache. Lakini upana huohuo uliacha alama kwenye umbo la mchoro wa mwanga, na kutokana nayo watafiti wakakisia uzito wa sayari: baina ya Mirihi na Dunia.

Dhana: Huenda nyota ililipuka tu.

Swali zuri, na watafiti hujiuliza kwanza. Mlipuko wa nyota hupanda ghafla, hushuka polepole, na rangi hubadilika. Mikrolenzi hupanda na kushuka kwa ulinganifu, rangi ileile.

Dhana: Moja inakuja kutugonga.

Hii ya kwenye vikundi vya simu tuiache. Lenzi ile iko umbali wa maelfu ya miaka-nuru.

Dhana: Imethibitika haina jua lake.

Hapa ndipo hata magazeti huteleza. Kilichothibitika ni kwamba hakuna nyota iliyoonekana karibu nayo, mpaka kama mara 8 ya umbali wa Dunia na Jua. Zohali iko mbali zaidi ya hapo, na bado ni mtoto wa Jua. Kulimaliza suala hili, itabidi kusubiri miaka mpaka sayari na nyota ya nyuma ziachane angani, ndipo darubini kubwa itafute nyota hafifu mahali pale. Tukio lenyewe halitajirudia.