Dawa ya nyanya kwenye chupa ya maji: tunayoyaamini na ukweli wake

Mimi nauza pembejeo, kaduka kadogo tu upande wa Igombe, Mwanza, wateja wangu wengi ni watu wa bustani za kando ya ziwa, nyanya, kabichi, mchicha, na wengine wana ng'ombe wawili watatu. Naanza na aibu yangu mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu kidole. Kwa miaka mingi nilikuwa nafungua chupa ya lita moja ya dawa ya wadudu nawapimia watu, wa elfu mbili, wa elfu tatu, mtu anakuja na chupa yake ya maji ya kunywa au ya soda namwagia humo, anafunga kifuniko anaenda zake. Hairuhusiwi, nilijua hairuhusiwi, ila mteja hana hela ya chupa nzima na mdudu kantangaze anakula nyanya shambani, utafanyaje. Ndo hivyo nilivyokuwa najiambia.

Chupa moja kati ya hizo ikaja kunywewa na mtoto.

"Mtoto hawezi kunywa, ile kitu inanuka"

Hii nimeisikia mara nyingi kuliko zote na nilikuwa naiamini. Ukweli ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hanusi kwanza ndo anywe, anakunywa kwanza. Na anachokiangalia ni chupa, ile chupa anaijua, mama yake anamnyweshea maji humo kila siku. Halafu dawa nyingi za maji za nyanya zikiwa hazijachanganywa zina rangi ya njano njano kama mafuta ya kupikia au juisi, ukizichanganya na maji zinageuka nyeupe kabisa kama maziwa. Sasa ndoo ya maziwa imekaa pembeni ya bomba la kupulizia, mtoto wa miaka miwili afikirie nini?

Na funda moja linatosha. Chukua dawa yenye profenofosi ambayo lebo yake imeandikwa 720, maana yake kwenye lita moja kuna gramu 720 za sumu yenyewe. Funda la mtoto mdogo ni kama kijiko cha chai, mililita 5, humo kuna gramu 3.6. Hiyo hiyo wewe shambani unaweka vifuniko vichache tu kwenye bomba zima la lita 16 na inaua wadudu mstari mpaka mstari. Mtoto wa kilo 12 ameimeza bila maji.

"Mpe maziwa, mtapishe, atakuwa sawa"

Ndicho alichofanya bibi wa yule mtoto, na simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ilikuwa kama saa kumi jioni, walimkuta nyuma ya nyumba ameshika chupa, fulana imelowa kifuani, harufu kama mafuta ya taa. Bibi akampa maziwa akamtia kidole kooni. Mtoto akatapika, akakohoa sana, halafu akatulia.

Maziwa hayaui sumu. Yanajaza tumbo tu na kumfanya atapike zaidi. Kutapika kwenyewe ndo balaa la pili, kwa sababu dawa hizi za maji zimeyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya petroli, zikipanda kooni kidogo tu kikiteleza kwenda kwenye mapafu mtoto anapata vidonda vya mapafu juu ya sumu aliyonayo. Na yule mtoto yalimkuta, wiki nzima kifua kilimsumbua. Mkaa wa jiko uliosagwa nao sio ule wa hospitali, usimlishe.

Cha kufanya nyumbani ni kidogo ila kina maana: mtoe kinywani kilichobaki kwa kitambaa, mvue nguo zote zilizolowa, muoshe ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni, mlaze kwa ubavu kama amelegea, muondoke kwenda kituo cha afya. Hilo la nguo watu wanalisahau kabisa. Yule alibebwa kwenye bodaboda na fulana ile ile imelowa, mpaka kituo cha afya ndo nesi akaivua, muda wote ule ngozi inaendelea kunyonya, na mama aliyembeba kifuani naye akaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu. Anayemuosha avae glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi.

"Ametulia, amelala, basi imeisha"

Hapa ndo nataka watu wasome polepole. Dalili zinazotajwa na wengi ni jasho, udenda mwingi, machozi, kutapika, kuharisha, kujikojolea. Ni kweli zote, sumu za kundi la hiyo profenofosi zinazuia kemikali fulani mwilini inayoiambia mishipa ya fahamu "sasa nyamaza", kwa hiyo kila kitu kinafunguka kama bomba lisilofungwa. Lakini mtoto mdogo mara nyingi haanzi na jasho. Anaanza kwa kulegea, shingo haikai, anasinzia muda ambao sio wake, wengine wanaingia degedege moja kwa moja na watu wanadhani ni malaria au kuna mkono wa mtu. Yule wetu alilala kama dakika ishirini na bibi akashukuru Mungu. Shangazi yake ndo akamfunua jicho, mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha pini na huku mle ndani kuna giza giza, mahali ambapo mboni inatakiwa itanuke. Hapo udenda ukawa tayari unachuruzika kwenye mto na kifua kinakoroma kama mtu mwenye mafua mazito.

Kwa hiyo angalia hivi: mboni, udenda, misuli inayocheza cheza yenyewe kwenye shavu au paja, na pumzi. Ukisubiri mpaka zote zitimie umechelewa. Aliyeinywa anaweza kuonyesha dalili ndani ya dakika chache au saa chache, aliyemwagikiwa kwenye ngozi inaweza kuchukua masaa mengi, mtoto analala mzima, usiku ndo anabadilika. Ukijua kabisa amegusa mdomoni usingoje dalili yoyote, nenda.

Kituo cha afya swali la kwanza lilikuwa "dawa gani?" Chupa ya maji ya kunywa, lebo ya maji ya kunywa. Nikapigiwa simu mimi. Bahati ile chupa kubwa nilikuwa bado nayo nikapiga picha lebo nikawatumia WhatsApp, jina la kiambato na ile namba. Walishaanza atropini, dawa ya kupambana na sumu za kundi hili, na nilichojifunza siku ile ni kwamba haitolewi sindano moja mkaenda nyumbani, wanarudia rudia mpaka kifua kikauke na pumzi irudi, pamoja na oksijeni, ndo baadaye akahamishiwa hospitali kubwa ya Bugando. Lebo ina kazi kwa sababu sumu zote hazitibiwi sawa. Ingekuwa ni dawa ya panya ile ya kuzuia damu kuganda, hiyo atropini isingemsaidia chochote, inatibiwa kwa vitamini K.

Kingine, siku ya pili mtoto akaamka anacheza na baba yake akataka kumtoa. Daktari akakataa. Sumu za kundi hili zina tabia ya kurudi kati ya siku ya kwanza na ya nne, misuli ya shingo na ya kupumua inaishiwa nguvu ghafla wakati kila mtu ameshafurahi. Wakikuambia kaa, kaa. Alitoka mzima, kwa wanaouliza.

"Mbwa amelishwa sumu na jirani"

Inawezekana, ila mara nyingi sumu umemlisha mwenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ya kuua kupe watu wanammwagia mbwa kwa vipimo vya kubahatisha, nyingine ina amitrazi, mbwa anajilamba anabaki amesinzia, anayumba, mapigo ya moyo yanashuka. Paka ndo usijaribu kabisa. Dawa za jamii ya permethrini, zikiwemo baadhi ya unga wa kuhifadhia mahindi, mbwa anaweza kuzivumilia kwa kiasi, ila ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Ndani ya masaa anaanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima. Muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi, mpeleke kwa daktari wa mifugo na lebo.

Mbwa aliyekula dawa ya panya ya kuzuia damu kuganda, au panya aliyekufa nayo, hali yake inakudanganya zaidi. Siku mbili tatu mzima kabisa, halafu fizi zinapauka, anachoka, damu puani au kwenye kinyesi. Wakati huo mwenye mbwa ameshasahau hata kama aliweka dawa.

"Nimeweka juu ya kabati, hafiki"

Anafika. Anapanda ndoo, kiti, gunia la dagaa. Na uvunguni mwa kitanda ndo vibaya kuliko, mnalala na mvuke wake. Inayofaa ni sanduku au kabati lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, mbali na unga, mahindi na chakula cha kuku, kila dawa kwenye chupa yake na lebo yake. Kufuli la buku tatu nne linatosha. Ule mstari wa rangi chini ya lebo, nyekundu, njano, bluu, kijani, unaonyesha ukali, ila kijani sio ruhusa ya kuiacha mezani.

"Chupa tupu nimeiosha na Omo, haina kitu"

Plastiki inanyonya dawa, sabuni haiitoi. Usiweke maji, maziwa wala mafuta ya taa humo, milele. Ukimaliza dawa iache chupa imeinama inachuruzika kwenye bomba kama nusu dakika, tia maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba lile lile ukapulizie shambani. Rudia mara tatu, kisha itoboe kitako ili mtu asiiokote. Usiichome, moshi wake ni sumu. Iweke kwenye gunia chini ya kufuli, umuulize afisa ugani wa kata zinakusanywa wapi, na dawa iliyoharibika au kupita muda hivyo hivyo, usiimimine.

Ziwani ndo usiseme. Dawa za jamii ya pareto zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na wazee wa mialoni wanakumbuka 1999 Ulaya ilivyokataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu. Kuosha bomba ufukweni au kumwaga iliyobaki chooni, kwenye mawe yetu haya yenye nyufa, inaelekea huko huko. Changanya ya kutosha eneo lako tu, ikibaki kidogo malizia kwenye mistari ya zao lile lile.

Juzi kaja mteja wangu wa siku zote na chupa ya soda, anataka ya elfu mbili. Nikamwonyesha ya mililita 100 iliyofungwa kiwandani, bei imezidi kidogo. Akaniangalia kama nimerukwa na akili, "kaka mbona siku hizi umekuwa mgumu hivi", akavuka barabara kwenda duka la pili. Nikamwona anatoka huko na ile chupa yake ya soda, imejaa nusu.