Je, dini inakataa nyota zenyewe?

"Ninasoma nyota hapa Ngamiani, Tanga. Mteja wangu mmoja ni mtu wa swala tano, na kila nikimtajia burji yake ananyamaza. Waumini wanaionaje elimu hii, na nizungumze naye vipi nisimkwaze?"

Wengi hudhani kwamba Uislamu unakataza kuzitazama nyota, dhana ambayo ingemshangaza nahodha yeyote wa Tanga, kwani Kurani (6:97) inasema ziliwekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Nyakati za swala hupatikana kwa hesabu za falaki, na mvuvi anayengoja bamvua mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu haambiwi kwamba ameingilia ghaibu. Pingamizi huanza pale mtu anapotoka kwenye mahali ulipo mwezi na kuingia kwenye litakalompata fulani. Siku alipofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakayaunganisha mambo hayo mawili, naye Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Kwa Wakatoliki, Katekisimu (kifungu cha 2116) inakataa kutafuta habari za mbele kwa nyota, ingawa Injili ya Mathayo inawaleta mamajusi kwa Yesu wakiongozwa na nyota. Wahindu wengi, kwa upande wao, humwendea mnajimu kutafuta saa njema ya harusi.

Ama ukimya wa mteja wako, huenda una sababu ya wazi. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inasema kwamba anayemwendea mtabiri na kumwuliza jambo, swala yake haikubaliwi kwa siku arubaini, na kinachotajwa hapo ni kuuliza tu. Kwa hiyo usimsukume aulize; mweleze wewe kwanza utakachosema na usichoweza kusema.

Tuseme anatafuta siku ya nikahi ya binti yake, na jamaa wamemtisha kwamba mwezi umo Nge. Mwezi huzipitia burji 12 kwa siku 27 na saa chache, hivyo hukaa siku mbili na kitu katika kila burji. Hiyo ni hesabu, na unaweza kumwambia: "Mwezi utakuwa Nge tangu Jumanne usiku hadi Ijumaa alfajiri. Wanajimu wa zamani waliziepuka siku hizo kwa ndoa, lakini litakalokuwa silijui mimi. Kama umeswali istikhara, hiyo itangulie." Usiseme "ndoa itavunjika" kisha ukaongeza inshallah, maana neno hilo haliubadilishi utabiri, na kwa mcha Mungu huzidisha kero. Usimtolee aya pia kuutetea unajimu wako. Pengine anaijua kukushinda.

Pwani wamekuwapo masheikh waliosoma falaki na kutazamia pia, kwa hiyo usidhani kila muumini ana msimamo mmoja. Lakini huyu akisema hataki kusikia hata habari za Nge, mtajie tarehe za mwezi mwandamo tu, na ada usiipokee, kwani hadithi zimekataza pia ujira wa kahini.